"Mimi hesabu sina kichwa": kwa nini kumwambia ajitahidi hakumsaidii

*"Daktari, habari za kazi. Niko Moshi, maeneo ya Pasua. Binti yangu yuko kidato cha kwanza, shule ya kata. Darasa la saba alifaulu vizuri, na hesabu hakuwa mbaya. Mtihani wa kwanza wa hesabu sekondari alipata 41. Akasoma sana, hadi saa tano usiku, wa pili akapata 23. Tangu hapo anasema, 'Mama, mimi hesabu sina kichwa,' na daftari halifungui. Juzi kwenye jaribio alipata 58, akasema lilikuwa rahisi tu, hata vilaza walipata. Mimi namwambia ajitahidi. Baba yake anasema nimwache, hata yeye hesabu zilimshinda. Mwalimu wake ni mpole, anamwambia asijali, si kila mtu ni wa hesabu. Nimpeleke twisheni, au nimwache ajikite kwenye masomo ya sanaa?"*

Mama, kwa wiki chache zijazo nakuomba uliweke pembeni hilo neno "jitahidi". Najua unalisema kwa upendo, na wapo watoto linaowasaidia. Kwa binti yako limekuwa kama hukumu, na inabidi nieleze taratibu kwa nini, maana wazazi wengi na walimu wengi wanaamini kinyume chake.

Mtoto akipata matokeo asiyoyatarajia, hasa yakiwa mabaya, hujiuliza moyoni: imekuwaje? Jibu analojipa huamua atakachofanya kesho yake kuliko hata alama zenyewe. Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili tangu Fritz Heider alipoweka msingi wake mwaka 1958, na aliyelifikisha darasani hasa ni Bernard Weiner wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kuanzia miaka ya 1970. Weiner aliona kwamba sababu wanazozitaja wanafunzi ni nyingi mno: akili, uvivu, bahati, mwalimu, ugonjwa, mtihani mgumu. Lakini kila moja unaweza kuipima kwa maswali matatu. Je, sababu hiyo iko ndani ya mwanafunzi au nje yake? Je, ni ya kudumu au inabadilika? Je, iko mikononi mwake au haiko?

Sasa pima ile kauli ya binti yako. "Sina kichwa" iko ndani yake, ni ya kudumu, na hana la kuifanya. Majibu hayo matatu kila moja lina athari yake. Kwa kuwa ipo ndani, 23 inamuumiza yeye mwenyewe, anaona aibu. Kwa kuwa ni ya kudumu, anatarajia mtihani ujao uwe vilevile. Na kwa kuwa haiko mikononi mwake, kufungua daftari ni kujichosha bure. Anapoliacha daftari, kwa hiyo, hafanyi ukaidi. Ukishaamini kwamba tatizo ni kichwa ulichozaliwa nacho, kuacha kusoma ndiyo hatua inayofuata kwa akili ya kawaida kabisa.

Ipime na ile 58. Kwake jaribio "lilikuwa rahisi", yaani sababu iko nje, kesho inaweza isiwepo, na yeye hakuhusika. Hapa ndipo penye shida ambayo wazazi wengi hawaioni. Akifeli, ni yeye. Akifaulu, ni mtihani. Mtoto anayehesabu hivi anaweza kupata 58 tano mfululizo na imani yake isisogee hata kidogo, kwa sababu hakuna hata moja kati ya hizo anayoihesabu kuwa yake. Ndiyo maana ushauri wa kumpa maswali mepesi "ajenge kujiamini" huwa unashindwa peke yake.

Mwanasaikolojia Carol Dweck alilionyesha hili mwaka 1975. Alichukua watoto 12 ambao walikuwa wakikutana na swali lililowashinda wanaporomoka kabisa, hata maswali waliyoyaweza mwanzo yanawashinda. Nusu yao aliwapa mazoezi ya hesabu ambayo walifaulu siku zote. Nusu nyingine walifaulu mara nyingi, ila mara chache aliwaachia washindwe, kisha akawaambia kwamba hapo juhudi haikutosha. Mwishoni aliwapa wote maswali magumu. Waliozoeshwa kufaulu tu waliporomoka kama zamani. Waliofundishwa namna nyingine ya kueleza kushindwa kwao waliendelea kufanya kazi, na wengine wakawa bora kuliko awali.

Utaniuliza, je, hapo si Dweck alikuwa akiwaambia wajitahidi? Ndiyo, na watu wengi wamelichukua tokeo hilo wakaligeuza kuwa dawa ya kila mtoto. Angalia sharti lililokuwemo: maswali waliyopewa wale watoto yalikuwa ndani ya uwezo wao. Walikuwa wanaacha mapema, kwa hiyo juhudi ndogo ilikuwa sababu ya kweli. Binti yako alikaa na daftari hadi saa tano usiku na akashuka kutoka 41 hadi 23. Ukimwambia ajitahidi, anafanya hesabu moja ambayo hataisema mbele yako: nilijitahidi, nikashuka, kama juhudi ndiyo dawa na kwangu haikufanya kazi, basi kweli tatizo ni kichwa.

Martin Covington na Carol Omelich waliandika mwaka 1979 kuhusu mtego huu. Walikuta kwamba wanafunzi huona aibu kubwa zaidi wanapofeli baada ya kusoma sana, na aibu hupungua kama hawakusoma, kwa sababu aliyefeli bila kusoma bado anaweza kusema, "ningesoma ningepata." Wanafunzi wengi wanaoonekana wavivu wamekimbilia hapo. Ukiona mtoto aliyekuwa na bidii ameacha ghafla baada ya kufeli, usikimbilie kuita uvivu. Mara nyingi anajilinda asithibitishiwe kwa mara ya pili jambo analoliogopa.

Kwa baba yake na mwalimu wake nitasema kwa kifupi lakini kwa uzito. Baba anataka kumpunguzia mzigo mtoto, na hilo ni jema. Lakini anapotaja kwamba hata yeye hesabu zilimshinda, anaifanya ile sababu ya kudumu iwe ya kurithi pia, na mtoto hawezi kubishana na damu. Mwalimu naye, upole wake una ujumbe ndani yake. Mwaka 1984 Sandra Graham alifanya jaribio na watoto wa darasa la sita waliofeli kazi fulani. Baadhi walionyeshwa huruma na mtu mzima aliyewasimamia, wengine walionyeshwa kwamba amekasirika kidogo. Waliohurumiwa ndio walioelekea kusema wameshindwa kwa sababu uwezo wao ni mdogo. Watoto wanajua kwamba tunamkasirikia mtu ambaye angeweza, na tunamhurumia ambaye hawezi. Sisemi mwalimu aanze kuwa mkali, na fimbo haimo kabisa katika ninachosema. Ninachosema ni kwamba "usijali, si kila mtu ni wa hesabu" mtoto analisikia kama matokeo ya uchunguzi. Mtafute mwalimu ana kwa ana, kwa heshima, umwombe badala yake amwambie binti kosa lilianzia mstari gani.

Na hapo ndipo penye kazi yenyewe. Sababu tunayoitafuta lazima iwe na sifa mbili kwa pamoja: iwe ya kweli, na iwe kitu ambacho yeye anaweza kukibadilisha. Uongo mtamu hautafaa, maana mtihani ujao utauumbua. Mahali pa kuitafutia ni ile karatasi ya 23.

Mwambie mkae nayo pamoja, siku ya Jumamosi asubuhi baada ya kazi za nyumbani, mkiwa hamna haraka. Usianze na alama alizopata. Anzeni na 77 alizokosa, na kwa kila swali muulizane kitu kimoja tu: hapa zilipotea kwa njia gani? Nitakupa mfano nilioutunga, lakini unafanana na karatasi nyingi za kidato cha kwanza ambazo nimekaa nazo na wazazi na walimu.

Tuseme alama 30 kati ya hizo 77 ni za maswali ambayo hakuyagusa kabisa. Muulize alikuwa wapi wakati ule. Mara nyingi utasikia kwamba alikwama swali la pili, akang'ang'ana nalo, muda ukaisha. Kumbe zile 30 hazikuonyesha chochote kuhusu kichwa chake, zilipotea kwa namna alivyogawa muda.

Tuseme 21 nyingine ni za maswali ya maelezo. Swali linataka namba mbili zinazofuatana ambazo jumla yake ni 37, ila limeandikwa kwa Kiingereza, na amebandika tu 37 mara 2. Msomee swali lilelile kwa Kiswahili. Akikujibu 18 na 19 hapohapo, umepata ushahidi mkubwa kuliko maneno yote ya kumtia moyo: hesabu anaijua, alichokosa ni maneno ya swali. Hadi darasa la saba alikuwa anasoma hesabu kwa Kiswahili. Katika miezi michache amehamia lugha nyingine, na hakuna aliyekaa naye kumfundisha maneno ya hesabu ya lugha hiyo.

Tuseme 16 zimepotea kwenye aljebra. Aliambiwa arahisishe (3x − 2) − (x − 5), akaandika 2x − 7. Jibu ni 2x + 3. Alitoa x sawasawa, ila alisahau kwamba alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano inageuza alama zote zilizomo, kwa hiyo −5 inakuwa +5. Angalia maswali mengine ya aina hiyo. Ukikuta kosa ni lilelile katika manne au matano, basi alama 16 zimebebwa na kanuni moja ambayo inarekebishwa kwa jioni mbili tatu.

Zilizobaki, 10, tuseme ni za mada ambayo hakuwepo darasani kwa sababu aliugua malaria. Hilo lilitoka nje yake kweli, na lisemwe hivyo. Mtoto asifundishwe kwamba kila kitu ni kosa lake. Kama darasa lina wanafunzi themanini na vitabu vichache, au mwalimu wa hesabu alihamishwa katikati ya muhula, mwambie wazi kwamba hilo limemgharimu, kisha mtafute ni sehemu gani kati ya hizo mnaweza kuiziba nyumbani. Akidanganywa kwamba yote yako mikononi mwake, siku atakayogundua si kweli hatakuamini tena.

Ona kilichotokea mezani. Aliingia na sababu moja, ya ndani na ya kudumu. Anaondoka na nne: muda, maneno ya Kiingereza, alama ya kutoa, na mada aliyoikosa. Zote zinabadilika, na tatu kati yake anaweza kuanza nazo jioni hiyo. Wala hukumwambia popote kwamba ana akili. Hilo la kumwambia "wewe una akili sana" liache pia. Claudia Mueller na Dweck mwaka 1998 walikuta kwamba watoto waliosifiwa akili baada ya kufaulu ndio waliokata tamaa haraka walipokutana na maswali magumu, kuliko waliosifiwa bidii. Sifa ya akili inamfundisha mtoto kuisoma akili yake katika kila alama, ikiwemo 23.

Fanya hivyohivyo na karatasi ya 58, na tafadhali usiiruke. Mwulize, "Swali hili la nne ulilifanyaje?" Atasema lilikuwa rahisi. Kubali, kisha uliza lilianza lini kuwa rahisi, maana mwezi wa pili halikuwa rahisi. Mwache atafute mwenyewe. Labda alirudia mifano ya ubaoni, labda rafiki alimwelekeza. Ukimpata anasema hata sentensi moja kama "hapa nilifanya kwanza mabano," ile 58 imeanza kuwa yake.

Sasa mpango wa wiki nne hivi. Mpe daftari dogo la maneno ya hesabu, kila siku maneno matatu anayoyakuta kwenye kitabu, kila moja na maana yake kwa Kiswahili na swali moja la mfano. Jioni afanye maswali sita au saba ya kosa moja tu, kama lile la mabano, na awe anaangalia jibu baada ya kila swali, asingoje hadi mwisho, kwa sababu kurudia kosa mara saba ni kulifundisha. Mara moja kwa wiki apewe karatasi fupi yenye saa, na kanuni ya kuliruka swali likimshinda dakika tano. Humo ndani weka makusudi swali moja ambalo litamshinda. Likimshinda, mwongozo wako uwe: "Hiyo njia imegoma. Ipi nyingine unaijua?" Hapa unamfanyia kile alichofanya Dweck, ila kwa sababu inayomhusu yeye, yaani njia aliyotumia, badala ya juhudi ambayo tayari aliitoa.

Kuna jambo lingine analopaswa kulisikia, na lingekuwa bora lisemwe na mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne kuliko na wewe. Mwaka 1982 Timothy Wilson na Patricia Linville walichukua wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo waliokuwa na wasiwasi na alama zao. Baadhi yao waliambiwa, na kuonyeshwa mahojiano ya waliowatangulia, kwamba alama za mwaka wa kwanza mara nyingi huwa chini kisha hupanda. Hadi mwisho wa mwaka wa pili, kati ya walioambiwa walioacha chuo walikuwa asilimia 5, na kati ya wasioambiwa asilimia 25. Kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo nisingeapa kwa tarakimu hizo, lakini mantiki yake inamhusu binti yako moja kwa moja. Kushuka kwake kumetokea palepale lugha ya kufundishia ilipobadilika. Kama hapo mtaani yupo dada aliyepita njia hiyo, akaanza vibaya na sasa anaendelea vizuri, mwombe aje aongee naye jinsi kidato cha kwanza kilivyokuwa na alichofanya.

Kuhusu twisheni: inategemea karatasi imewaonyesha nini. Kama alama nyingi zimepotea kwenye mada ambazo hazijui, mwalimu wa pembeni anahitajika kweli, maana kubadilisha maelezo ya kushindwa hakumfundishi mtu sehemu wala namba hasi. Nenda naye ukiwa na orodha yako, umwambie "shida ni hizi mbili." Twisheni ya watoto arobaini wanaonakili ubaoni itamwongezea saa za kukaa na ushahidi zaidi kwamba hata twisheni haikumsaidia. Ningeikwepa hiyo, hata kama ni ya bei nafuu. Kuhusu masomo ya sanaa, hesabu atakuwa nayo hadi kidato cha nne kwa vyovyote, kwa hiyo swali la kuiacha halijafika. Na akiamua baadaye kwamba moyo wake uko kwenye historia au fasihi, sawa kabisa, ila achague akiwa anaipenda fasihi, asiwe anaikimbia hesabu kwa sababu ya karatasi mbili za kidato cha kwanza.

Usitazamie alama zipande kwanza. Dalili ya mapema iko kwenye maneno yake. Diener na Dweck, mwaka 1978, waliwasikiliza watoto wakisema kwa sauti wanachowaza wakati wa kufanya maswali magumu. Walioporomoka walikuwa wanazungumzia kushindwa kwao na sababu zake. Walioendelea hawakuzungumzia sababu sana. Walikuwa wanajielekeza: nipunguze mwendo, nijaribu hivi. Kwa hiyo sikiliza. "Sielewi kitu" ikigeuka kuwa "sielewi hapa hii minasi imekwendaje", kuna kitu kimesogea, hata kama mtihani ujao ataleta 35. Na 35 ikija, itazameni kama mlivyoitazama 23, kwa maswali yaleyale. Ikiwa baada ya miezi miwili au mitatu bado anafunga daftari dakika ya kwanza, basi aidha sababu mliyoitaja haikuwa ya kweli, au kuna kingine.

Hicho kingine nakuomba usikitafute peke yako. Kama anakunja macho akisoma ubao, au ananakili tarakimu visivyo, apimwe macho. Idara ya macho ya KCMC iko hapohapo Moshi. Kama hata kwa Kiswahili, kwa mdomo, bila saa, hesabu za darasa la tatu zinamtatiza, ukamwona bado anahesabu kwa vidole kujumlisha namba ndogo, inawezekana ana ugumu mahususi wa kujifunza hesabu, na huo unahitaji mtu wa kumpima na kumfundisha kwa njia tofauti. Na kama kushuka kumeenea kwenye masomo yote, hali vizuri, halali, amejitenga na wenzake, au anaogopa kwenda shule, usilishughulikie kama jambo la hesabu. Muulize kwa utulivu kama kuna mtu anayemsumbua njiani, shuleni au nyumbani. Akitamka kwamba anatamani asingekuwepo, usisubiri wiki iishe: mpeleke hospitali siku hiyohiyo, Mawenzi au KCMC, na usimwache peke yake.

Kwa hayo mengine, anza na mwalimu wa ushauri nasaha wa shule yake. Ukienda, beba karatasi zote mbili, ya 23 na ya 58, pamoja na daftari lake la hesabu la mwaka huu, na mwombe binti mwenyewe aeleze alama zilipotelea wapi.